Damu Iandaliwe Kabla ya Kisu

Wapo wanawake wanaotembea na mchele mbichi kwenye mkoba. Huutafuna punje kwa punje ndani ya daladala, dukani wakisubiri wateja, hata usiku wa manane kitandani, na ukiwauliza watakwambia ni mazoea tu. Wengine hamu yao ni udongo, wengine ni mabonge ya barafu. Mara nyingi hamu ya namna hiyo hutoka kwenye mwili ulioishiwa madini chuma, na chuma kikirudi, hamu huondoka yenyewe. Mgonjwa haoni sababu ya kumtajia daktari jambo kama hilo, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni haulizi. Ndiyo maana naanza nalo. Mama ninayetaka tumfuate katika makala haya alikuwa na kopo la mchele chini ya meza ya duka lake.

Ni mama wa mfano. Nimemuunda ili hesabu zionekane, lakini hali yake ni ya kawaida sana kwenye kliniki za magonjwa ya wanawake za Afrika Mashariki. Ana miaka 41, ana kilo 60, anauza vitenge. Kwa miaka kadhaa hedhi yake imekuwa ya siku nane, nzito, yenye mabonge, na amekwisha kuzoea kuchoka. Akipanda ngazi moyo unakwenda mbio, naye husema ni umri. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kadhaa kwenye kizazi, ule unaoitwa faibroidi, na daktari akamwambia suluhisho ni kuutoa kwa upasuaji.

Kuanzia hapo njia ni mbili. Ya kwanza wengi wetu tunaijua, kwa sababu tumewahi kupigiwa simu usiku. Mgonjwa analazwa jioni kabla ya siku ya upasuaji, anatolewa damu kwa ajili ya vipimo, na saa mbili usiku majibu yanarudi: wingi wa damu 8.4. Daktari wa usingizi anatikisa kichwa. Ndugu wanaambiwa walete watu wawili wa kuchangia. Simu zinapigwa, shemeji anatoka kazini, binamu anakutwa na shinikizo la damu la juu na kukataliwa. Damu isipopatikana, upasuaji unaahirishwa na mama anarudi nyumbani na uvimbe wake. Ikipatikana, anaongezewa chupa mbili na asubuhi anaingia chumba cha upasuaji.

Njia ya pili huanza wiki sita nyuma, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Namba 8.4 ni gramu za himoglobini katika kila desilita moja ya damu. Himoglobini ndiyo rangi nyekundu ya damu. Ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda mwilini kote. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima aliye chini ya 13 na mwanamke asiye mjamzito aliye chini ya 12 wana upungufu wa damu. Hata hivyo, mwaka 2017 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilishauri kwamba kwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa kumwaga damu nyingi, lengo liwe 13 kwa wote, mwanamke na mwanamume. Sababu yao ni rahisi. Mwanamke kwa kawaida ana damu kidogo mwilini kuliko mwanamume, lakini kisu hakimpunguzii kiasi kinachomwagika. Kuanza na akiba ndogo zaidi kwa hasara ileile si haki ya mtu yeyote.

Tupige hesabu. Mama wa kilo 60 ana takriban lita 3.9 za damu mwilini. Kutoa faibroidi kubwa, nyingi kwa pamoja, kunaweza kumwaga lita moja. Damu ikitoka, daktari wa usingizi hujaza nafasi yake kwa maji ya dripu ili mishipa isilegee, kwa hiyo damu iliyobaki inazidi kuwa nyepesi kadiri upasuaji unavyoendelea. Aliyeanza na 8.4 akipoteza lita moja kwa namna hiyo hubaki na takriban 6.5. Aliyeanza na 11.6 akipoteza lita ileile, mikononi mwa daktari yuleyule, hubaki na takriban 9.

Sasa, hospitali nyingi hufuata kanuni kwamba mgonjwa aliyetulia, asiye na ugonjwa wa moyo, huongezewa damu himoglobini ikishuka chini ya 7. Kanuni hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1999, uliohusu wagonjwa mahututi 838. Walioachwa mpaka washuke chini ya 7 ndipo waongezewe hawakufa zaidi ya wale walioongezewa mapema ili wabaki juu ya 10. Kwa hiyo katika hesabu yetu mama wa 6.5 anahitaji chupa za damu, na mama wa 9 hahitaji hata moja. Uvimbe ni uleule na damu iliyomwagika ni ileile. Tofauti ilikuwepo kabla kisu hakijagusa ngozi.

Swali linalobaki ni namna ya kutoka 8.4 kufika 11.6.

Himoglobini hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, na kiini chake ni chuma. Kila gramu moja ya himoglobini ina miligramu 3.4 za chuma. Mwili hauna njia ya makusudi ya kutoa chuma kilichozidi, kwa hiyo huilinda njia ya kuingilia: katika chakula cha siku nzima mtu mwenye afya hufyonza miligramu moja mpaka mbili tu. Kiasi hicho kinatosha kufidia upotevu mdogo wa kila siku. Hakimtoshi mwanamke anayevuja kama mama yetu. Chukua hedhi ya mililita 200 katika mwezi mmoja. Hata kwa damu yake iliyokwisha kuwa nyepesi, hapo zinaondoka miligramu 57 za chuma. Chakula cha mwezi mzima kinaweza kisimrudishie hata hizo, na ndivyo ghala lilivyokauka mwaka baada ya mwaka.

Daktari anayejua kazi yake haandiki chuma kwa kuona namba 8.4 pekee. Upungufu wa damu ni dalili. Ugonjwa wenyewe upo nyuma yake. Ukanda wetu una malaria, una minyoo ya safura, una selimundu na thalasemia, una maradhi ya figo, na una watu wenye upungufu wa foliki asidi au vitamini B12. Mwenye selimundu aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi huenda ana chuma kilichozidi, na kumpa kingine ni kumdhuru. Kipimo cha kwanza ni picha kamili ya damu, inayopatikana karibu kila hospitali ya wilaya. Ukikosa chuma, chembe nyekundu huwa ndogo na zenye rangi hafifu. Cha mama yetu kilionyesha hivyo. Lakini thalasemia nyepesi nayo hufanya chembe ziwe ndogo, kwa hiyo kinahitajika kipimo cha pili, feritini, kinachoonyesha kilichomo ghalani. Chini ya 30, ghala ni tupu. Chake kilikuwa 6.

Feritini ina mtego mmoja unaowanasa hata wataalamu. Mwili ukiwa na uvimbe wenye moto, maambukizi au saratani, feritini hupanda hata kama chuma cha kufanyia kazi hakipo. Mgonjwa wa saratani ya utumbo mwenye feritini 70 anaweza kuambiwa yuko sawa, kumbe uboho wake una njaa. Kinachofanyika ni kwamba ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo hufunga milango ya chuma: cha chakula hakipiti utumboni na cha ghalani hakitoki. Kwa wagonjwa wa namna hiyo wataalamu hupandisha mpaka hadi 100, na huongeza kipimo cha kuona ni kiasi gani cha chuma kinachosafiri ndani ya damu.

Mama yetu hana moto wala maambukizi. Anavuja tu. Daktari akamwambia, "Mama, uvimbe huu haukuui mwezi huu. Tusogeze tarehe wiki sita, tujenge damu kwanza." Akakubali, ingawa alikuwa amekwisha kumwachia mdogo wake duka.

Deni lake la chuma linahesabika. Ipo kanuni ya tangu mwaka 1970 inayotumika mpaka leo: uzito, mara tofauti kati ya himoglobini unayoitaka na uliyonayo, mara 2.4, kisha ongeza 500 za kujaza ghala.

60 × (13 − 8.4) × 2.4 + 500 = 1,162

Miligramu 1,162. Naomba msomaji aitazame namba hiyo pembeni ya zile miligramu moja au mbili za chakula cha siku. Juisi ya rozela, maini, tembele na bitiruti vina heshima yake mezani, na mwenye upungufu hufyonza zaidi kidogo kuliko mwenye afya, lakini hakuna jiko linaloweza kulipa deni hilo katika wiki sita. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa sababu wagonjwa wengi hupewa ushauri wa chakula peke yake, wakarudi baada ya mwezi na namba ileile, kisha wakalaumiwa kwamba hawakula.

Vidonge vya chuma ni hatua kubwa zaidi. Kidonge cha kawaida kina miligramu 60 au 65 za chuma, na mwenye upungufu huenda akafyonza 10 hivi. Hapo muda ndio huamua. Kama upasuaji uko miezi mitatu mbele, vidonge vinatosha kwa wengi. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walionyesha jambo linalofaa kujulikana na kila anayevimeza: kidonge kimoja huamsha hepsidini ile inayofunga milango, na milango hubaki imebana kwa takriban siku nzima. Kidonge cha pili kikija ndani ya saa hizo, sehemu kubwa yake hupita bure na kumsumbua mgonjwa tumbo. Mwaka 2017 wakachapisha kwamba wanawake waliomeza siku moja na kuruka moja walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kuliko waliomeza kila siku. Kidonge kimezwe tumbo likiwa tupu, pamoja na chungwa au maji ya limau, mbali na chai na maziwa kwa saa moja au mbili, maana chai hukishika chuma kisipite. Choo kitakuwa cheusi. Hilo ni la kawaida, na ni vema mtu aambiwe mapema, asije akaviacha kwa hofu.

Wiki sita ni fupi mno kwa vidonge, hasa kwa mtu wa 8.4. Mama yetu alipewa chuma cha kwenye mshipa. Dawa za aina hii ni kadhaa. Sukrosi ya chuma, iliyo ya zamani zaidi, hutolewa miligramu 200 kwa mara moja, mpaka mara tatu kwa wiki, kwa hiyo miligramu 1,000 zinachukua karibu wiki mbili za kwenda na kurudi. Kaboksimaltosi ya chuma hutolewa miligramu 1,000 kwa mkupuo mmoja, ndani ya dakika 15. Ni ghali zaidi kwa bei ya dukani, lakini anayefanya hesabu aweke pia nauli, siku za kazi zilizopotea, na bei halisi ya chupa ya damu iliyokusanywa, iliyopimwa na kuhifadhiwa kwenye friji. Yeye alipewa 1,000 siku ya kwanza, na wiki moja baadaye akamaliziwa kidogo kilichobaki.

Dawa hizi hazitolewi kienyeji. Mzio mkali ni nadra, lakini ukitokea hutokea haraka, kwa hiyo zinatolewa mahali penye adrenalini, oksijeni na mtu anayejua kuzitumia. Dawa ikivuja nje ya mshipa huacha doa la kahawia kwenye ngozi lisiloondoka kwa muda mrefu. Baadhi yake, hasa kaboksimaltosi, zinaweza kushusha madini ya fosfeti. Mwenye maambukizi makali husubiri kwanza, kwa kuwa vijidudu vingi navyo hutaka chuma.

Kuingiza chuma huku damu inaendelea kumwagika ni sawa na kujaza mtungi uliotoboka. Daktari alimpa mama vidonge vya homoni vya kusimamisha hedhi mpaka siku ya upasuaji. Wapo wanaopewa asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia mabonge ya damu yasiyeyuke mapema, nayo hupunguza hedhi nzito. Nalitaja hili peke yake kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi. Nimeona mipango mizuri ya chuma ikishindwa kwa hedhi mbili tu.

Uboho ukipata chuma hauamki siku hiyohiyo. Chembe changa za damu huanza kuongezeka ndani ya wiki ya kwanza. Himoglobini yenyewe hupanda taratibu baada ya hapo, na mtu mwenye upungufu halisi wa chuma anaweza kupata gramu mbili mpaka tatu ndani ya wiki nne. Mama alipimwa tena wiki ya nne akawa 10.7, wiki ya sita 11.6. Hakufika 13. Daktari hakusogeza tarehe tena, kwa kuwa hesabu ya lita moja ilikwisha kumpa nafasi. Kopo la mchele, anasema, alilisahau bila kujua ni lini.

Kazi haikuishia hapo. Kwenye meza ya upasuaji alipewa asidi ya traneksamiki, daktari akafunga kwa muda mishipa inayolisha kizazi kwa mpira maalumu, na baadaye wodini vipimo vilichukuliwa kwa chupa ndogo na pale tu vilipohitajika, kwa sababu hata damu ya vipimo vya kila siku hujumlishwa. Mpango mzima, yaani kujenga damu ya mgonjwa kabla, kuzuia isimwagike, na kuvumilia namba ya chini kwa usalama badala ya kukimbilia chupa, ndio unaoitwa usimamizi wa damu ya mgonjwa. Sehemu ya chimbuko lake ni wagonjwa Mashahidi wa Yehova, wanaokataa kuongezewa damu kwa imani yao. Denton Cooley, daktari wa moyo wa Houston, Marekani, aliripoti mwaka 1977 upasuaji 542 wa moyo na mishipa mikubwa kwa wagonjwa hao bila kuwaongezea damu. Madaktari waliolazimika kujiandaa hivyo kwa wachache waliona kwamba wengine wote nao wanastahili maandalizi yaleyale. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi wanachama kuufuata mpango huo. Australia Magharibi ilikuwa imeanza mwaka 2008 kwa mkoa mzima, na ripoti yake ya mwaka 2017, iliyohusu wagonjwa zaidi ya 600,000, ilionyesha matumizi ya damu yamepungua kwa asilimia 41, na vifo vya hospitalini navyo vimepungua.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana upo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa chuma cha mshipani, au maji matupu yanayofanana nacho, wagonjwa 487 wenye upungufu wa damu waliokuwa wanakwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo. Waliokufa au kuongezewa damu walikuwa asilimia 29 kwa waliopata chuma na 28 kwa wasiopata. Hakuna tofauti. Miaka minne nyuma, utafiti mdogo wa Australia wa watu 72 ulikuwa umeonyesha kuongezewa damu kumeshuka kutoka asilimia 31 hadi 12.5. Tofauti hiyo inatoka wapi? Katika utafiti wa Uingereza wengi walipata dawa takriban wiki mbili tu kabla ya kisu, na walichaguliwa kwa sababu wana upungufu wa damu, bila kudai kwanza kwamba chanzo chake ni ukosefu wa chuma. Himoglobini iliendelea kupanda baada ya upasuaji, na waliopata chuma walirudi hospitali mara chache zaidi katika wiki nane zilizofuata. Mimi nauchukua utafiti huo kama onyo dhidi ya kumwagia chuma kila mtu dakika za mwisho. Unamgusa kwa mbali mama mwenye feritini 6 aliyepewa wiki sita.

Wapo ambao njia hii haiwafai. Mimba iliyopasuka nje ya kizazi, ajali ya bodaboda, utumbo uliojifunga: hao wanahitaji damu ya chupa sasa hivi, na chupa hiyo huokoa maisha. Kwa mwenye saratani, kusubiri wiki sita kunaweza kuwa na hatari kuliko upungufu wenyewe, kwa hiyo hupewa chuma cha mshipani mara tu ugonjwa unapotambuliwa, na tarehe haiguswi. Kila chupa ambayo mama wa faibroidi hakuitumia inabaki kwenye friji kwa ajili yao.

Mama yetu alipoteza mililita 900. Siku ya pili himoglobini yake ilikuwa 9.1, na hakuongezewa damu. Alikwenda nyumbani siku ya nne.

Basi msomaji, wewe au ndugu yako mkipangiwa upasuaji unaoweza kusubiri, siku hiyohiyo ya kupewa tarehe, kabla hamjatoka mlangoni, ulizeni: damu yangu ni ngapi leo, na feritini je? Kama unatafuna mchele, udongo au barafu, litaje hilo pia, bila aibu.